Uvimbe kichwani na umanjano kwenye picha ya mtoto mchanga: simu inakuonyesha nini na inakuficha nini

Mimi ni mkunga, na picha ninazotumiwa sana kwenye simu ni za vichwa vya watoto wa siku mbili tatu. Zinaingia usiku, chini yake kumeandikwa "hii ni kawaida?", na mara nyingi mzazi anapouliza ameshajijibu tayari, ameshalinganisha na picha za watoto wengine mtandaoni na ameshaamua mwanae ana nini au hana nini. Hapo ndo naogopa, kwa sababu wote wawili wanakosea, yule aliyeamua ni hatari na yule aliyeamua si kitu.

Leo naongelea mtoto mmoja tu kati ya hao, yule mwenye uvimbe upande mmoja wa kichwa ambaye pia ameanza kuwa wa manjano. Wazazi wanaona hayo ni mambo mawili, kichwa kivyake na rangi kivyake, kumbe mara nyingi ni jambo moja, na tena ndilo ambalo picha inadanganya kuliko mengine yote.

Kwanza kabisa, wakati wa kuweka simu chini

Kuna hali ambazo hupigi picha, humtumii mtu, unambeba mtoto unakwenda hospitali sasa hivi hata kama ni usiku wa manane. Manjano yaliyoonekana kabla mtoto hajatimiza masaa 24 tangu azaliwe, hayo si ya kawaida kabisa, hata yawe kidogo vipi. Ulimi au midomo ya ndani kuwa ya bluu au kijivu. Mtoto aliyepauka, anayehema kwa shida, au uvimbe wa kichwa unaoendelea kukua na kusambaa kuelekea shingoni au nyuma ya masikio. Mtoto wa manjano ambaye haamki kunyonya, au amelegea, au analia sauti nyembamba kali isiyo ya kawaida yake huku anajikunja mgongo kwa nyuma. Degedege. Homa, au mwili kuwa wa baridi na haupati joto hata ukimfunika.

Hayo yakiwepo achana na haya mengine yote ninayoandika hapa chini.

Hatua ya 1: jua uvimbe ulianza lini na unaishia wapi

Fuvu la mtoto mchanga ni vipande vya mfupa ambavyo bado havijaungana, na wakati anapita njia ya uzazi vipande hivyo vinapandana kidogo, ndo maana mtoto anatoka na kichwa kirefu kama yai. Urefu huo unarudi wenyewe ndani ya siku chache, haukandwi, haufinyangwi, haufungwi kitambaa. Huo si uvimbe, ni umbo tu.

Uvimbe wenyewe uko wa aina tatu, na kwenye picha zote tatu ni bonge tu juu ya kichwa, hapo ndo shida inapoanzia.

Wa kwanza ni uvimbe wa maji kwenye ngozi ya kichwa. Upo tangu mtoto anatoka, ni mlaini, hauna mpaka unaoeleweka, unaweza kuvuka katikati ya kichwa ukaenda upande wa pili, na ndani ya siku mbili tatu umenywea. Wa pili ni damu iliyovuja kati ya mfupa na ule utando mwembamba unaoufunika mfupa, madaktari wanauita kefalohematoma. Huu una tabia yake, siku ya kuzaliwa unaweza usionekane kabisa, unajitokeza baada ya masaa kadhaa na unaonekana vizuri zaidi siku ya pili au ya tatu, na una mpaka, kwa sababu ule utando umeshikamana na maungio ya mifupa kwa hiyo damu haiwezi kuvuka kwenda kipande kingine cha fuvu. Ndo maana unaonekana upande mmoja tu kama nusu ya limau imewekwa chini ya ngozi. Hutokea zaidi pale uzazi ulipokuwa mrefu au mtoto alivutwa kwa vakyumu, ila hata uzazi wa kawaida unaweza kuuleta.

Wa tatu ni nadra ila ndo wa kuogopa. Damu inavuja chini ya ngozi ya kichwa sehemu ambayo haina ukuta wa kuizuia, inasambaa kichwa kizima kimya kimya. Mtoto ana damu kama mililita 80 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mtoto wa kilo 3 mwili mzima ana kama mililita 240, yaani hata kikombe cha kawaida hakijai. Damu kidogo ikimtoka kwenye mishipa ikajikusanya kichwani ameshapungukiwa vibaya. Huyu anapauka, moyo unakwenda mbio, na kichwa kinaongezeka ukubwa saa hadi saa.

Sasa kinachotofautisha hizo tatu ni kugusa, muda na mpaka. Picha haigusiki na haina saa. Kwa hiyo kazi yako wewe mzazi si kusema ni ipi, kazi yako ni kukumbuka: uvimbe niliuona lini mara ya kwanza, ulikuwa na ukubwa gani, na leo ukoje. Hayo matatu yana thamani kwa daktari kuliko picha kumi. Na usiubonyezebonyeze, atakayeugusa ni anayejua anatafuta nini.

Hatua ya 2: elewa kwa nini uvimbe unaleta manjano

Ile damu iliyovuja haiendi popote, inabaki pale pale na mwili unaanza kuivunja. Damu ikivunjwa inatoa bilirubini, kitu cha rangi ya manjano, na kazi ya kuiondoa ni ya ini halafu inatoka kwa njia ya choo. Ini la mtoto mchanga bado halijashika kasi, na watoto wengi, zaidi ya nusu, wanapata manjano kidogo wiki ya kwanza hata bila uvimbe wowote, yanaanza siku ya pili ya tatu, yanapanda mpaka siku ya nne ya tano, yanashuka. Mwenye uvimbe wa damu ana mzigo wa ziada juu ya ule wa wote. Na kama pia hanyonyi vizuri choo hakitoki, bilirubini inakaa tumboni inanyonywa tena kurudi kwenye damu. Kwa hiyo uvimbe, unyonyaji na rangi ni mnyororo mmoja.

Inapozidi sana inaingia kwenye ubongo na kuuharibu, kusikia kunaweza kupotea, viungo vinaweza kukakamaa maisha yote. Nalisema wazi kwa sababu ndo sababu ya kutokubahatisha kwa macho.

Niweke sawa na hili jina maana nimeona linachanganya watu, wengi tunaita "homa ya manjano", lakini homa ya manjano ni ugonjwa mwingine unaoletwa na mbu, hauhusiani kabisa na mtoto mchanga kuwa wa manjano. Hapa ni manjano tu, hakuna homa, na homa ikiwepo ni jambo jingine la haraka.

Hatua ya 3: jua simu yako inavyobadilisha rangi na umbo

Kamera ya simu haichukui rangi kama ilivyo, inakisia mwanga wa pale ulikuwa wa rangi gani halafu inausahihisha. Chini ya taa yenye mwanga wa njano, mtoto asiye na kitu anatoka wa manjano kama embe bivu. Kinyume chake ndo kibaya zaidi, ukiusogelea uso mpaka umejaza picha yote, simu inaweza kudhani ule umanjano ni wa taa na ikauondoa, unabaki na picha ya mtoto mzuri mwenye rangi safi wakati mwenyewe ni wa manjano. Pazia la kijani, blanketi la rangi kali, ukuta, vyote vinamwagia mtoto rangi. Na simu nyingi zina filta ya kulainisha ngozi ambayo imewashwa na mwenye simu hajui.

Halafu kuna rangi ya mtoto mwenyewe. Watoto wenye ngozi nyeusi wengi huzaliwa weupe kuliko watakavyokuja kuwa, na rangi inaendelea kukolea wiki kwa wiki, kwa hiyo kulinganisha picha ya siku ya kwanza na ya siku ya nne hakukupi jibu la manjano. Mtoto mwekundu mwekundu siku za mwanzo, viganja na nyayo za bluu siku ya kwanza mbili huku ulimi ni wa pinki, hayo ni ya kawaida. Na kwenye ngozi nyeusi manjano yanajificha, hata sisi tunaowaangalia kila siku tukikisia kiwango kwa macho tunakosea, ndo maana wodini hatuamini macho, tunapima.

Kwa upande wa umbo, ukimpiga picha mtoto kwa sentimita 20 lenzi inakuza kilicho karibu, paji la uso linajaa, nyuma kunapotea, kichwa kinaonekana kimepinda. Ukitumia kamera ya mbele picha inaweza kugeuzwa kama kioo, uvimbe wa kulia ukaonekana kushoto. Nilishawahi kubishana na baba mmoja kwenye simu karibu dakika kumi, yeye anasema kulia mimi naona kushoto, mpaka tukagundua ni kamera.

Hatua ya 4: mwangalie mtoto, si picha

Mpeleke karibu na dirisha mchana, si juani, mwanga wa kawaida tu, taa zimezimwa. Mvue. Bonyeza kwa kidole taratibu kwenye pua au katikati ya kifua halafu achia, angalia ile sehemu kabla damu haijarudi, ina rangi gani. Kisha angalia fizi na ile sehemu nyeupe ya jicho, kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi hapo ndo pa kuangalia kwanza. Ukiona njano hapo, mtoto anahitaji kupimwa, basi. Hukisii ni kali au si kali.

Alafu hesabu. Mtoto wa umri huu ananyonya mara 8 mpaka 12 kwa masaa 24. Mkojo, siku ya kwanza angalau nepi moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, na kuanzia siku ya tano sita au zaidi. Choo kinatoka cheusi mwanzoni, kinapita kwenye ukijani, kufikia siku ya nne au ya tano kinakuwa cha njano. Namba hizi andika kwenye karatasi, usitegemee kichwa maana mzazi ambaye hajalala siku tatu hakumbuki.

Hatua ya 5: kama daktari ameomba picha, piga inayosaidia

Picha nzuri ipo na ina kazi, inamsaidia anayekujua kuamua uje leo au uje sasa hivi, na inasaidia kuona uvimbe unakwenda wapi siku hadi siku. Tumia kamera ya nyuma, zima flashi na filta. Mlaze karibu na dirisha, weka kitambaa cheupe au karatasi nyeupe pembeni ya uso ionekane kwenye picha, ili anayeangalia aone simu imefanya nini na rangi, kitambaa kikionekana cha njano basi rangi ya mtoto pia haiaminiki. Simama kama mita moja, sogeza kwa zumu badala ya kusogeza simu. Piga ya juu ya utosi, ya mbele, na pande zote mbili, kila siku mahali pale pale. Ongeza video ya sekunde 20 akinyonya au akilia, maana uchangamfu wa mtoto hauonekani kwenye picha iliyoganda.

Na chini yake andika umri kwa masaa, si kwa siku. Hili nalisisitiza kwa sababu bilirubini inasomwa kwenye grafu kulingana na saa za umri. Kipimo cha miligramu 12 kwa desilita kwa mtoto wa masaa 20 ni cha kukimbia naye, kipimo hicho hicho kwa mtoto aliyetimiza miezi yake tumboni, mzima, wa masaa 96, mara nyingi ni cha kuendelea kumfuatilia tu. Namba moja, watoto wawili, maamuzi mawili. Sasa kama hata namba ya maabara haina maana bila saa, picha itakuwaje.

Mfano tuufuate mwanzo mpaka mwisho

Tuseme mtoto wa kike, wiki 39, kilo 3.1, amezaliwa Jumatatu saa nne asubuhi kwa vakyumu. Kichwa kirefu kidogo, laini juu. Jumanne saa kumi jioni, masaa 30, wanaruhusiwa kwenda nyumbani. Usiku ule mama anapapasa kichwa anakuta bonge upande wa kulia ambalo hakuliona wodini. Hajaota, halikuwepo au lilikuwa dogo, kefalohematoma inachelewa kujitokeza.

Jumatano saa nne usiku, masaa 60, wanampiga picha chini ya taa, anatoka wa manjano kupindukia, nyumba nzima hofu. Baba anapiga nyingine asubuhi Alhamisi saa moja, masaa 69, dirishani lakini karibu sana na uso, mtoto anaonekana safi. Wanapumua. Anaandika kwa ndugu "ilikuwa taa tu". Hapa ndo pangeharibika.

Kilichookoa ni bibi yake, alimfungua mdomo akaona fizi za njano, akauliza amenyonya mara ngapi tangu jana. Wakahesabu, mara 5, juzi yake ilikuwa 9. Nepi ya mkojo moja tu kwa siku nzima. Wakatoka. Saa nne asubuhi, masaa 72 kamili, uzito kilo 2.82, yaani amepungua asilimia 9 hivi, na bilirubini ya damu ni 19. Kwa umri ule amevuka mstari wa kuanza tiba ya mwanga. Picha ya usiku ilikuwa imezidisha, ya asubuhi imeficha, na hakuna hata moja iliyosema 19.

Daktari pia aliagiza kundi la damu la mama na la mtoto na vipimo vya kuona kama damu inavunjika kwa sababu nyingine, maana kuwepo kwa uvimbe hakuzuii sababu ya pili kuwepo. Mzazi anayejitibu huwa anaishia kwenye sababu ya kwanza aliyoipata.

Akawekwa chini ya mwanga wa bluu, macho yamefunikwa, ananyonyeshwa kila baada ya masaa mawili matatu. Kesho yake ngozi imekuwa safi kabisa na baba anataka waondoke. Lakini mwanga huu unafuta rangi ya ngozi kwanza, damu inafuata nyuma, kwa hiyo mtoto aliyetoka kwenye mwanga usimkadirie kwa macho wala kwa picha, ni damu tu. Ilipimwa ikawa 12, mwanga ukazimwa, ikapimwa tena siku iliyofuata kuona kama inarudi kupanda, kwa sababu ule uvimbe bado upo na bado unamwaga bilirubini.

Mambo ya kutofanya ukiwa nyumbani

Usimwanike juani kama tiba. Ni kweli ndani ya jua kuna mwanga unaovunja bilirubini, ila huwezi kupima kiasi, anaungua, anapata joto au baridi kupita kiasi, na kubwa zaidi unapoteza siku mbili ukidhani unamtibu. Usimpe maji wala glukosi kusafisha manjano, tumbo linajaa maji na maziwa yanakosa nafasi. Na usikubali mtu yeyote atoboe au avute ile damu kwa sindano ili kichwa kikae sawa, pale ndani hakuna vijidudu na sindano ndiyo inayoviingiza.

Wiki zinazofuata

Uvimbe wenyewe unachukua wiki kadhaa, mara nyingi mpaka miezi mitatu, kuisha. Katikati ya safari, kama wiki ya tatu hivi, ukingo wake unakuwa mgumu na katikati panabaki laini, ukigusa unahisi kama mfupa umetoboka. Simu zangu nyingi za pili zinatoka hapa. Mfupa haujatoboka, ni pembeni panaanza kuweka chokaa, ila mweleze daktari kwenye kliniki aguse mwenyewe. Ukiwa mwekundu, wa moto, au mtoto akapata homa, hiyo ni siku hiyo hiyo.

Manjano nayo yana tarehe ya mwisho. Yakivuka siku 14, au siku 21 kwa aliyezaliwa njiti, anapimwa tena hata kama ananyonya vizuri na ananenepa. Na kila unapobadilisha nepi angalia choo, kikiwa cheupe kama chaki au udongo wa mfinyanzi, au mkojo ukawa wa njano iliyokolea unaotia doa nepi, usisubiri hiyo siku ya 14, inaweza kuwa njia ya nyongo imeziba na upasuaji wake hufanikiwa zaidi ukifanyika kabla mtoto hajafika siku 60 hivi. Hiyo ndo picha moja ninayowaomba wazazi waipige bila kuona aibu, ya nepi, mchana, na karatasi nyeupe pembeni, kisha waibebe nepi yenyewe kwenye mfuko waje nayo.